Cheti cha afya ya jamii si ngazi ya uuguzi, usidanganywe na jina

Kama umemaliza Kidato cha Nne ukapata C- na unaishi mtaa kama wetu, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu ameshakuambia maneno haya: "Anza na cheti cha afya ya jamii, halafu utaunganisha uuguzi." Labda ni jirani. Labda ni bango lililobandikwa kwenye stima karibu na steji. Labda ni yule dada wa mapokezi katika chuo fulani cha ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, aliyekukaribisha kwa tabasamu na kukupa fomu kabla hujakaa.

Binamu yangu aliambiwa hivyo. Nitakusimulia yake kwa urefu, kwa sababu ukiielewa hutahitaji kulipa karo ili ujifunze alichojifunza yeye.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu hicho cheti chenyewe, maana mtaani tunaita vitu vitatu tofauti kwa jina moja. Kuna mhamasishaji wa afya ya jamii, yule CHP wa mkoba mnayemwona akizunguka plotini kupima presha na sukari. Serikali ilizindua wahamasishaji 100,000 pale Uhuru Park mnamo Septemba 2023, wakapewa vifaa na simu ya kuingizia data. Huyu hufunzwa kwa siku chache, hupewa nyumba kama 100 za kutembelea, na marupurupu yake ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Karatasi anayopewa baada ya mafunzo inaonyesha tu kwamba alihudhuria.

Halafu kuna CHA, msaidizi wa afya ya jamii. Huyu amekaa darasani, ana cheti cha chuo, na kazi yake ni kuwasimamia wale CHP katika kitengo kimoja cha jamii, kukusanya ripoti zao na kuwaunganisha na zahanati. Juu yake kuna mwenye diploma ya afya ya jamii. Hiyo ni ngazi kweli. Inapanda kutoka cheti hadi diploma, hata hadi digrii, na kuna watu wanaopata riziki nzuri humo, kwa kaunti na kwa mashirika.

Shida ni kwamba ngazi hiyo imeegemea ukuta mwingine. Haifiki kwa wauguzi na haifiki kwa maafisa wa kliniki. Uuguzi uko chini ya Baraza la Wauguzi, NCK. Maafisa wa kliniki wako chini ya baraza lao, linaloongozwa na sheria ya mwaka wa 2017. Kila baraza lina daftari lake la usajili, na kwa kijana anayetaka diploma, kitu cha kwanza kuangaliwa ni slipu yako ya KCSE. Cheti cha CHA hakijazi pengo la Baiolojia. Hata ukiwa nacho na barua tano za kukusifu kutoka kwa chifu, mfumo unaangalia herufi iliyo kwenye slipu.

Sasa jina ndilo linalotuchanganya. Muuguzi wa diploma hapa Kenya huitwa KRCHN. Zile herufi C na H zilizo katikati zinasimamia afya ya jamii, yaani huyu ni muuguzi msajiliwa wa afya ya jamii. Ukimwambia mtoto wa Kidato cha Nne kwamba kuna cheti cha afya ya jamii, na kwamba muuguzi naye ni wa afya ya jamii, ataunganisha mwenyewe bila kusukumwa. Vyuo vingine vinalijua hilo vizuri sana. Havisemi uongo waziwazi. Vinakuacha ujidanganye, kisha vinakupa risiti.

Haya, binamu yangu. Alifanya KCSE mwaka wa 2018. Kiswahili alipata B-, CRE B-, Baiolojia C-, Biashara C-, Historia C-, Kiingereza D+, Kemia D, na Hisabati D-. Wakati huo wastani ulihesabiwa kwa kulazimisha Hisabati, Kiingereza na Kiswahili, sayansi mbili, somo moja la ubinadamu na jingine moja. Ukigeuza gredi kuwa pointi, ambapo A ni 12 na E ni 1, alikuwa na 35. C- inaanzia 32 na C inaanzia 39. Kwa hivyo alikosa C kwa pointi nne tu.

Alitaka uuguzi tangu akiwa darasa la sita, baada ya kumuuguza nyanya. Akaenda kwenye kile chuo nilichokitaja. Akauliza kuhusu uuguzi. Dada wa mapokezi akaangalia slipu, akasema, "Dada, kwa gredi hii hauwezi kuanza moja kwa moja. Fanya CHA kwanza, ukimaliza tunakuunganisha." Neno ni hilo, kuunganisha. Binamu hakuuliza nani anaunganisha, wapi, na kwa sheria gani. Mimi pia nilikuwepo siku hiyo na sikuuliza. Nilikuwa nimeshikilia simu, naangalia matokeo ya mpira.

Akasoma. Akapita vizuri, kusema kweli, na alijifunza mambo ya maana: chanjo, lishe ya watoto, kupima mzunguko wa mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, namna ya kuongea na mama ambaye hataki kwenda hospitali. Akarudi chuoni na cheti mkononi akauliza kuhusu kuunganishwa. Akaambiwa aombe mwenyewe. Alipoingia kwenye tovuti ya KUCCPS kuomba KMTC, akaweka nambari yake ya mtihani na mwaka, kozi ya diploma ya uuguzi ikamkataa pale pale. Hakukuwa hata na sehemu ya kuandika kwamba ana cheti kingine.

Alilia siku mbili. Halafu akafanya kitu ambacho alipaswa kufanya mwanzo: akaenda kuuliza muuguzi. Mkuu wa zamu katika kituo cha afya alikokuwa akipeleka ripoti, mama wa makamo, alimkalisha chini akamwambia, "Mtoto wangu, hakuna mtu aliyekufungia mlango. Ulikuwa unabisha nyumba ya jirani."

Na huyo mama ndiye aliyempa hesabu yenyewe. Kwa diploma ya KRCHN unahitaji wastani wa C. Ndani ya hiyo C, uwe na C katika Kiingereza au Kiswahili, C katika Baiolojia, na angalau C- katika moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Basi. Ukilinganisha na slipu ya binamu utaona kwamba Kiswahili chake cha B- kilikuwa kimemaliza sharti la lugha. Kilichobaki ni vitu vitatu: Baiolojia ipande gredi moja, Kemia ipande kutoka D hadi C-, na wastani upande kwa pointi nne. Alikuwa amebeba ndoto yake miaka minne kama mzigo mkubwa usiobebeka, kumbe ukiufungua ndani kuna Baiolojia na Kemia.

Kwa afisa wa kliniki hesabu ni nyingine kidogo, na hapa watu wengi huteleza. Wastani pia ni C, lugha na Baiolojia ziko palepale, lakini huko hauchagui kati ya Kemia na Hisabati. Kemia ni lazima, na juu yake unatakiwa kuwa na Hisabati au Fizikia. Kwa mtu wa Hisabati D- hilo ni jambo zito. Ndiyo maana ukimsikia mtu akisema "uuguzi au kliniki, chochote nitakachopata", ujue hajaangalia slipu yake. Hizi ni njia mbili tofauti, na slipu yako kwa kawaida imeshachagua moja.

Kuna njia ya pili, na wengi hawaijui. Mwenye C- anaweza kuingia cheti cha uuguzi chenyewe, KECHN, kinachochukua takriban miaka 2. Wastani unaohitajika ni C-, huku Baiolojia na lugha zikiangaliwa pia. Sikiliza tofauti: hiki nacho ni cheti, tena cha gredi ileile ya chini, lakini kiko ndani ya nyumba ya wauguzi. Ukimaliza unafanya mtihani wa NCK, unaandikishwa, unapewa leseni, na kutoka hapo unaweza kupanda hadi KRCHN kama muuguzi anayejiendeleza. Yale maneno "anza na cheti, halafu uunganishe" ni ya kweli kwa cheti hiki. Yaliibiwa yakabandikwa kwenye kingine.

Mbona basi binamu hakuchukua KECHN? Aliifikiria. Lakini nafasi zake ni chache, ushindani ni mkali, na alikuwa ameshakaa darasani kwa cheti kimoja. Alihesabu hivi: kurudia KCSE ni mwaka mmoja, na akipata C anaingia diploma moja kwa moja kwa miaka 3. KECHN ni miaka 2, halafu kazi, halafu tena masomo ya kupanda. Akaamua kurudia mtihani. Mimi ningeamua vivyo hivyo kwa slipu yake. Kwa slipu ya mtu mwenye wastani wa C- uliofika kwa shida, pointi 32 na Baiolojia iko pabaya, ningesema tofauti.

Sasa, kurudia KCSE ukiwa mtu mzima si mchezo, na ugumu wake hauko pale unapofikiria. Vitabu vipo, YouTube ipo. Ugumu ni karatasi ya tatu. Baiolojia na Kemia zote zina karatasi ya vitendo, ile ya maabara, na mtahiniwa wa kibinafsi lazima apate shule ya kumsajili ambayo ina maabara na iko tayari kumpokea. Shule nyingi hazipendi watahiniwa wa nje, hasa wa sayansi. Binamu alizunguka shule sita. Tano zilimwambia zinachukua watahiniwa wa masomo ya ubinadamu pekee. Ya sita ilimkubali kwa sharti kwamba ahudhurie vipindi vya maabara Jumamosi pamoja na wanafunzi wa kawaida na alipie kemikali. Alikaa benchi moja na watoto wa miaka 17, wakimwita "madam" wakidhani ni mwalimu wa mazoezi. Ukianza safari hii, tafuta maabara kabla hujanunua kitabu kimoja, na uanze mapema, maana usajili hufanywa mwanzoni mwa mwaka.

Tena usitegemee kuchanganya slipu mbili. Ukiingia KUCCPS unaingia na nambari moja ya mtihani na mwaka mmoja. Kwa hivyo ukirudia, rudia masomo ya kutosha kupata wastani mpya, hata yale uliyofaulu. Kuna watu walirudia Baiolojia na Kemia pekee, wakapata gredi nzuri mbili zinazoelea hewani bila wastani.

Kitu kimoja kilimsaidia. Kuanzia KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo matano mengine uliyofanya vizuri zaidi. Kiingereza chake hakikulazimika tena kuhesabiwa. Alifanya mwaka huo huo. Kiswahili B-, CRE B-, Baiolojia C+, Biashara C, Kemia C-, Historia C-, Kiingereza C-, Hisabati D. Hesabu: Hisabati 3, Kiswahili 8, kisha CRE 8, Baiolojia 7, Biashara 6, Kemia 5, na nyingine moja ya 5. Jumla 42. C safi, katikati kabisa. Angalia Hisabati: bado ni D. Uuguzi ulimkubali kwa Kemia. Kliniki isingemwangalia mara mbili.

Aliingia diploma mwaka uliofuata. Na ndani ya wiki za kwanza akaombwa nakala za slipu na kitambulisho ili apelekwe NCK akapewe nambari ya mwanafunzi. Hiyo wanaiita indeksi, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndiyo kipimo cha kutambua chuo cha kweli. Mwanafunzi wa uuguzi hujulikana na baraza tangu mwanzo wa masomo, si siku ya kuhitimu. Bila indeksi huwezi kukaa mtihani wa baraza, na bila mtihani wa baraza hakuna usajili, hata kama chuo kimekupa gauni na kofia na picha ya fremu. Maafisa wa kliniki nao huandikishwa na baraza lao wakiwa wanafunzi, na baada ya miaka 3 ya diploma huongeza mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Huo mwaka wa nne usahau kuuhesabu kwenye bajeti yako uone.

Kwa hivyo ukiingia ofisi ya chuo, usiulize "mnafunza uuguzi?" Wote watasema ndiyo. Uliza jina litakaloandikwa kwenye cheti, neno kwa neno. Kisha uliza kama kozi hiyo imeidhinishwa na NCK, halafu usiamini jibu. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa iko kwenye tovuti ya baraza, isome mwenyewe ukiwa umesimama hapo hapo. Watakuonyesha cheti cha serikali kilichotundikwa ukutani, na kitakuwa cha kweli. Ila kisome. Mara nyingi ni cha TVETA, inayosimamia vyuo vya kiufundi. TVETA kuruhusu chuo kufundisha afya ya jamii hakumaanishi NCK imekiruhusu kufundisha wauguzi. "Tumesajiliwa na serikali" ni sentensi ya kweli inayotumika kuficha swali lako. Mwisho uliza indeksi hutolewa lini. Anayejua kazi atakujibu bila kusita. Anayeuza fomu atakuuliza indeksi ni nini.

Uliza hivyo pia kuhusu kozi za "msaidizi wa muuguzi" na za kuhudumia wazee, zinazotangazwa kila kona siku hizi. Zinaweza kukupa kazi. Daftari la NCK haziligusi.

Nimesema ya mtu binafsi. Sasa niseme la serikali, kwa sababu sitaki ufikiri nadhani kila kitu kiko sawa.

Nadhani ni makosa kwamba mtu aliyetembelea nyumba 100 kwa miaka mitano, aliyegundua presha za wazee kabla hawajaanguka, anapoomba uuguzi anahesabiwa sawa na mtu ambaye hajawahi kushika utepe wa kupimia mtoto. Tena si kwamba nchi hii haijui kujenga daraja. Mwaka wa 2005, Amref pamoja na Baraza la Wauguzi na Wizara ya Afya walianza mpango wa kuwapandisha wauguzi wa cheti hadi diploma kwa kusoma kupitia kompyuta, huku wakiendelea na kazi vituoni mwao. Maelfu walipita humo. Walikuwa watu wazima, wengine mashambani kabisa, na hawakuambiwa waache kazi waje mjini. Kwa hivyo mtu akikuambia haiwezekani kumsomesha mfanyakazi wa afya bila kumtoa kazini, mwambie iliwezekana wakati intaneti ilikuwa ya kubahatisha.

Nilimpelekea hoja hii yule mkuu wa zamu. Nilidhani atanipigia makofi. Alinitazama tu, akachukua chupa ya dawa ya maji ya mtoto kutoka kabatini. "Hapa kuna miligramu 125 kwa kila mililita 5. Daktari ameandika miligramu 200. Unampa ngapi?" Nikaanza kutafuta simu. "Mama mtoto anakungoja," akasema. Jibu ni mililita 8, lakini nilichelewa kulipata, na mtoto wa kufikirika alikuwa ameshachoka kunisubiri. Hoja yake ni kwamba CHP mzuri anajua kutambua hatari na kupeleka mgonjwa mahali panapofaa. Hajafunzwa kukokotoa dozi, kuzalisha, kusimamia wodi ya watu 30 usiku akiwa peke yake. Miaka mitano ya kutembea mtaani haifundishi hayo kwa sababu mtaani hayafanyiki. Na wale wa 2005, akanikumbusha, walikuwa tayari wauguzi. Daraja lilijengwa ndani ya nyumba moja.

Ana haki. Kwa hivyo nimepunguza ninachodai. Sitaki CHA asamehewe hata wiki moja ya mafunzo ya uuguzi. Ninachotaka ni mlango wa kuingilia. Leo mtu wa miaka 27 mwenye watoto analazimika kurudia CRE na Historia ili apate wastani wa kusomea jinsi ya kufunga kidonda. Hilo halina maana. Baraza lingeweza kukubali mwaka mmoja wa Baiolojia, Kemia na hesabu za dawa, wenye mtihani mkali unaosimamiwa na chombo kimoja, kwa CHA na CHP ambao kumbukumbu zao za kazi zinaonekana. Kumbukumbu hizo zipo. Kila ziara wanayofanya huingizwa kwenye ile simu waliyopewa. Atakayefeli afeli. Atakayepita aanze mwaka wa kwanza kama kila mtu. Tuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa sifa za masomo tangu 2014, na kutambua maarifa ambayo mtu aliyapata kazini ni jambo linalozungumzwa kila siku kwa mafundi wa jua kali. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kupimwa akapewa cheti kwa anachojua. Wa afya anaambiwa arudi Kidato cha Nne.

Hadi hapo litakapobadilika, na sioni likibadilika kabla ya usajili ujao wa KCSE, wewe cheza na sheria zilizopo. Toa slipu yako. Andika pointi kando ya kila somo, hesabu kwa mtindo mpya, uone uko mbali kiasi gani na 39 na ni somo gani linalokuzuia. Kama ni somo moja au mawili, tafuta maabara. Kama uko C- na Baiolojia imesimama vizuri, fuatilia nafasi za KECHN kila zinapotangazwa. Kama moyo wako kweli uko kwenye kazi ya jamii, fanya CHA, ni kazi ya heshima, ila ifanye ukijua inakopeleka. Na kama tayari umelipia CHA ukidhani unaelekea uuguzi, usitupe hicho cheti. Binamu yangu alikitumia kupata vibarua vya kukusanya takwimu mwaka ule aliokuwa akirudia mtihani, na pesa hizo ndizo zilizolipia kemikali za maabara.

Karo ya diploma anahangaika nayo bado. Ana mkopo wa HELB, basari ya kaunti iliyochelewa muhula mzima, na sisi jamaa tunachanga kilichobaki kwenye kikundi cha WhatsApp ambacho kila mtu hukaa kimya siku ya kwanza akingoja mwingine aanze. Wiki jana alinipigia saa mbili usiku akitoka wodi ya wazazi. Alikuwa amezalisha kwa mara ya kwanza, msimamizi akiwa kando yake, na alihitaji saini kwenye kitabu chake cha rekodi kabla zamu haijabadilika. Msimamizi alikuwa ameshaondoka. Kwa hivyo alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali, na koti lake jeupe kwenye mfuko wa plastiki, akimsubiri arudi.